Siku 60 za malipo zinaanza kuhesabiwa lini?

Katikati ya Mei alikuja ofisini kwetu, dirisha la mikopo ya wafanyabiashara wadogo, mama mmoja mwenye karakana ya samani Keko, Dar es Salaam. Alitaka mkopo wa haraka. Alikuwa ameiuzia kampuni kubwa meza 40, masharti ya malipo siku 60, na siku 60 zilitimia tarehe 28 Aprili. Kila akimpigia simu meneja aliyempa kazi anajibiwa, "Mama, iko kwenye mfumo, vuta subira." Nimebadilisha mambo madogo asitambulike, lakini hesabu ni zilezile.

LPO yake, yaani agizo la maandishi la mteja, ilisema meza 40 kwa shilingi 150,000 kila moja, jumla 6,000,000, na VAT ya asilimia 18 ambayo ni 1,080,000. Ankara ilikuwa ya 7,080,000. Aliipeleka tarehe 27 Februari, siku moja baada ya kushusha mzigo, pamoja na risiti ya EFD. Kwa macho, kila kitu kilikuwa sawasawa.

Nikamwomba anionyeshe karatasi ya makabidhiano. Ilikuwa kwenye faili, ina muhuri wa stoo, na pembeni mtunza stoo alikuwa ameandika kwa kalamu: "Zimepokelewa 38." Meza mbili zilikuwa na ufa, mama akazirudisha karakana. Tarehe 6 Machi alizipeleka nyingine, akakuta mtunza stoo ametoka kula, akamwachia mlinzi wa getini. Hakuna aliyesaini karatasi yoyote.

Hapo ndipo pesa ilipokwama. Kampuni za aina hii hulipa baada ya kulinganisha karatasi tatu: LPO inayosema tuliagiza nini, hati ya mapokezi ya stoo inayosema tulipokea nini, na ankara yako inayosema unadai nini. LPO 40, stoo 38, ankara 40. Mfumo wa uhasibu ukiona tofauti hiyo unaisimamisha ankara, na mara nyingi mwenye ankara haambiwi. Meneja hakudanganya aliposema iko kwenye mfumo. Ilikuwemo kweli, imelala.

Kwa hiyo maneno "siku 60" kwenye LPO yasikufanye uhesabu tangu siku uliyoshusha mzigo. Soma sentensi nzima. Wengine huandika siku 60 tangu kupokea ankara iliyo sahihi, na ankara isiyolingana na stoo haihesabiki kuwa sahihi. Wengine huandika siku 60 tangu mwisho wa mwezi wa ankara, na hapo siku chache zinaweza kukugharimu mwezi. Ankara iliyopokelewa tarehe 28 Februari itaiva tarehe 29 Aprili. Ukichelewa mpaka tarehe 5 Machi, hesabu inaanza tarehe 31 Machi na inaiva tarehe 30 Mei. Kisha uliza kampuni inalipa siku gani za mwezi. Kama inalipa tarehe 10 na 25 tu, iliyoiva tarehe 30 Mei utaiona kwenye akaunti tarehe 10 Juni.

Yule mama alikuwa na maumivu mengine mawili ambayo hakuyahesabu alipotoa bei. La kwanza ni VAT. Kama umesajiliwa, kodi hiyo haisubiri mteja akulipe. Ukishatoa ankara ya Februari, inaingia kwenye ritani ya Februari, na mwisho wa kuwasilisha na kulipa ni tarehe 20 Machi. Alitoa mfukoni, baada ya kupunguza VAT aliyolipia mbao na rangi, fedha ambayo mteja hajampa. La pili ni mkopo wa shilingi 4,000,000 alionunulia mbao, riba asilimia 3 kwa mwezi. Hiyo ni 120,000 kila mwezi, au 3,000 kwa kila meza. Mwezi mmoja wa kutengeneza na miwili ya kusubiri inafanya 9,000 kwa meza. Bei yake ya 150,000 haikuwa na hata senti ya kusubiri. Mteja wa siku 60 na mteja wa fedha mkononi wasipewe bei moja, na wakati wa kulisema hilo ni kwenye profoma, kabla LPO haijatoka.

Kuhusu usajili wa wasambazaji sitasema mengi, maana kazi kubwa ni kukusanya karatasi: TIN, usajili wa BRELA, leseni, cheti cha TRA kuonyesha huna deni la kodi, barua ya benki. Kinachowakwamisha watu ni jina. Leseni imeandika jina lote la biashara, akaunti imeandika nusu yake, au akaunti ni ya mwenye biashara binafsi. Kampuni italikataa, na ina sababu: matapeli hutuma barua pepe za "tumebadilisha akaunti" kila siku. Rekebisha benki kwanza, kisha jaza fomu. Na usianze kazi kwa ahadi ya "anza tu, LPO inakuja." LPO yenye tarehe ya baada ya ankara huibua maswali ya wakaguzi, na anayesubiri majibu ni wewe.

LPO ikifika, isome siku hiyohiyo. Angalia kipimo: nimeona viti vilivyoagizwa kama seti 10, fundi akaandika ankara ya vipande 60, na jumla ya fedha ni ileile. Mfumo ulikataa. Angalia kama bei ina VAT ndani au nje, na mahali pa kupeleka mzigo. Kosa likiwepo, omba LPO irekebishwe kabla hujakata ubao hata mmoja. Kama mzigo utapelekwa kwa mafungu, andika ankara kwa fungu lililopokelewa tu. Mama wa Keko angedai meza 38, yaani 6,726,000 pamoja na VAT, halafu 354,000 ya zile mbili baadaye. Sehemu kubwa ya fedha yake isingekwama kwa ajili ya meza mbili.

Tulimpigia mhasibu wa malipo, si meneja. Swali halikuwa "mtalipa lini?" bali: ankara hii imeingizwa tarehe ngapi, imelingana na mapokezi ya stoo, na imepangiwa kulipwa lini? Ndani ya dakika tano jibu lilipatikana. Swali hilo aliulize msambazaji wiki moja baada ya kupeleka ankara, wakati kosa bado lina siku za kurekebishwa, asingoje siku ya 61.

Tarehe 14 Mei mtunza stoo alizihesabu zile mbili, zilikuwa zinatumika chumba cha mikutano, akasaini. Kwa masharti yao hesabu mpya ingemfikisha tarehe 13 Julai. Mama aliomba wahesabu tangu Februari, akatoa picha ya daftari la getini la tarehe 6 Machi ambalo mlinzi alikuwa ameandika "meza 2, fundi." Idara ya manunuzi ilikubali, akalipwa tarehe 25 Mei. Hawakulazimika kukubali. Mkopo alioujia hakuuchukua.