Pato sawa, hatari tofauti

"Faida ikifika pale mkopo na hisa mpya vinapotoa pato sawa kwa kila hisa, si basi njia zote mbili ni sawa?"

Hapana. Tuseme kiwanda cha mafuta ya karafuu Pemba kina hisa 40,000 na kinahitaji shilingi milioni 200: kiuze hisa 20,000, au kikope kwa riba ya milioni 30 kwa mwaka. Faida ya uendeshaji ikiwa milioni 90, kila hisa hupata 1,500 kabla ya kodi kwa njia yoyote (kodi haihamishi kiwango hicho cha faida).

Ila kwenye mkopo, gawa 90 kwa 60 inayobaki baada ya riba: kipimo cha makali ya mkopo ni 1.5, yaani faida ikishuka 1%, pato la kila hisa hushuka 1.5%. Kwenye hisa ni 1. Karafuu zikikosekana, faida ikashuka 20% hadi milioni 72, njia ya hisa hutoa 1,200. Ya mkopo 1,050, yaani pato limeporomoka 30%.