“Usilie, Wewe Bado Kijana”: Maswali na Majibu Kuhusu Faraja Inayoumiza

Mdogo wangu mimba yake imeharibika ikiwa na wiki 10. Kwenye grupu la familia kila mtu anamtia moyo: “Usilie”, “Jikaze, wewe bado kijana”, “Kila jambo lina sababu”. Yeye kanyamaza, hata simu hapokei. Maneno mazuri haya yanamuumiza vipi?

Zisome tena kauli hizo ukijiweka mahali pake. Moja inamkataza kulia, nyingine inamwamuru ajikaze, na hakuna hata moja inayomuuliza amelalaje. Huzuni haiondoki kwa kukatazwa, hujificha tu. Sasa ana mizigo miwili: msiba wenyewe, na kuwaonyesha ndugu kwamba amepoa. Njia rahisi ya kuutua huo wa pili ni kutopokea simu.

“Kila jambo lina sababu” naiona ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa usiku kucha anaitafuta hiyo sababu. Ni ile ndoo ya maji niliyobeba? Ni ule ugomvi wa Jumapili? Ukweli wa kitabibu ni kwamba mimba inapoharibika kabla ya wiki ya 12, mara nyingi chanzo ni hitilafu ya kromosomu iliyokuwepo tangu mwanzo kabisa. Ndoo haihusiki. Kumwambia hivyo kwa upole kungemfaa kuliko picha kumi za machweo zilizoandikwa nasaha.

Mbona mimi kauli za kutia moyo zinanisaidia? Kila asubuhi najiambia “Mimi ni mshindi” na siku inakwenda vizuri.

Pengine kwa sababu tayari unaamini. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake nchini Kanada walichapisha jaribio dogo. Wanafunzi waliandika mawazo yao kwa dakika 4, na kengele ikalia kila baada ya sekunde 15. Baadhi yao walitakiwa, kila ilipolia, kujiambia kwamba wao ni watu wa kupendeka. Waliokuwa wakijithamini walijisikia vizuri kidogo. Waliokuwa wakijidharau walimaliza wakiwa na hali mbaya kuliko wenzao waliojidharau vilevile lakini hawakuisema kauli hiyo. Wale walikuwa wanafunzi, si wafiwa, kwa hiyo tusilivute jaribio hilo mbali mno. Lakini ninaloliona kwenye unasihi linafanana nalo: kauli iliyo mbali na hali ya mtu humkumbusha umbali wenyewe.

Sisi ni watu wa dini. Ina maana tusimtaje Mungu?

Mtajeni. “Baada ya dhiki faraja” tunaivaa hata kwenye kanga. Tazameni tu nani anaisema, na lini. Akiisema yeye, ni imani yake inayomshika mkono. Mkimwahi nayo siku ya pili, damu haijakatika, mmemfunga mdomo. “Nakuombea” inatosha, maana haimtaki afanye lolote.

Basi nimwandikie nini?

Kumbuka tunavyokwenda matangani: unaingia, unasema pole au makiwa, unakaa mkekani, na wengine wanaosha vyombo. Hakuna anayehutubia. Mimba ikiharibika mapema, kwa kawaida matanga hayawekwi, ndiyo maana maneno yote yanamiminika kwenye simu. Mimi mwenyewe, na kazi yangu hii, niliwahi kumwandikia rafiki “Utapata mwingine”. Akajibu “Asante”, na nukta. Miezi ikapita kabla hatujazungumza tena.

Leo ningeandika hivi:

“Mdogo wangu, pole sana. Nakumbuka ulivyonionyesha ile picha ya ultrasaundi, ukicheka. Inaniuma. Usijisumbue kunijibu. Jumamosi saa nne nakuja na uji, nifue na nguo. Ukitaka tutaongea, ukitaka tutakaa tu. Kama hutaki mgeni, nitauacha uji mlangoni.”

Pole imetangulia, na haikufuatwa na “lakini”. Picha ya ultrasaundi inamwambia kwamba kuna mwingine aliyeona alichopoteza. Msaada una siku na saa, kwa sababu “ukihitaji chochote niambie” humwachia mgonjwa kazi ya kufikiri na kuomba. Na kabla hujatuma, tafuta neno “angalau”. Angalau ilikuwa mapema, angalau una mmoja. Likiwemo, futa sentensi nzima.

Nitajuaje kwamba anahitaji zaidi ya ujumbe wangu?

Akilowesha pedi mbili kwa saa moja, na saa inayofuata vivyo hivyo, au akipata homa, au uchafu wenye harufu mbaya, apelekwe hospitali mara moja. Akizimia, msisubiri kuhesabu pedi. Kulia wiki za mwanzo ni kawaida. Zikipita wiki mbili bado halali, hali, wala hajali chochote, mpeleke kwa daktari au mnasihi. Na akisema hataki kuishi, siku yoyote ile, usimwache peke yake. Nenda naye hospitali siku hiyohiyo.