Kwa nini nakata sentensi ya "thamani ya p ni uwezekano wa nadharia tete kuwa kweli"

Wiki iliyopita mwanafunzi alikuja ofisini na rasimu ya tasnifu yake, uso umemkunjamana. Baada ya shikamoo na marahaba akaniwekea ukurasa mezani: "Mwalimu, hesabu umezipitisha zote, lakini sentensi hii moja umeikata kwa wino mwekundu. Kosa lake nini?"

Sentensi ilisema: "Thamani ya p ni 0.011, hivyo uwezekano kwamba kuloweka mbegu hakusaidii ni asilimia 1 tu."

Jaribio lake lilikuwa zuri. Alipanda mtama Chamwino, jozi 10 za vipande vya shamba. Katika kila jozi, kipande kimoja kilipandwa mbegu zilizolowekwa na cha pili mbegu kavu, na kura ndiyo iliyoamua kipi kipate zipi. Mbegu zilizolowekwa zilivuna zaidi katika jozi 9. Kama kuloweka hakubadilishi chochote, kila jozi ni sawa na kurusha sarafu. Jozi 10 zina matokeo 1,024 yanayowezekana: 10 kati yake yana ushindi mara 9, na moja lina ushindi mara 10. Hiyo ni 11 kwa 1,024, yaani 0.011. Kwenye R, programu ya takwimu, aliandika hivi:

```
pbinom(8, 10, 0.5, lower.tail = FALSE)
```

Nikamwonyesha ile 0.5. "Hii umeipata wapi?" Akasema ndiyo nadharia tete yenyewe, kwamba hakuna tofauti. Basi jibu liko hapo. Hiyo 0.5 ameiandika kwa mkono wake kabla kompyuta haijahesabu lolote. Hesabu nzima inafanyika ndani ya dunia ambamo kuloweka hakusaidii, na swali linaloulizwa ni: katika dunia hiyo, ushindi wa mara 9 au zaidi hutokea mara ngapi? Jambo ulilokwisha kulikubali ili hesabu ianze haliwezi kutoka mwishoni likiwa limepimwa.

Wanaochanganya haya hugeuza sharti bila kujua. Bunge la Bajeti likiwa linaendelea, ukimtafuta mbunge kuna uwezekano mkubwa utamkuta Dodoma. Lakini mtu wa kwanza utakayepishana naye Dodoma siku hiyo, hata sokoni Majengo, yaelekea sana si mbunge. Watu ni walewale na mji ni uleule, ila swali limegeuzwa.

Akaniuliza, "Sasa uwezekano wa kweli ni asilimia ngapi?" Hapo ndipo penye uzito. Data peke yake haitoshi kujibu. Tuchukue mbinu 1,000 za kilimo, kila moja ijaribiwe kwa jozi 10 kama za kwake. Tuseme 100 zinasaidia kweli, na mbinu inayosaidia hushinda jozi 8 katika kila 10 kwa wastani. Uwezekano wake wa kufikisha ushindi 9 au zaidi ni 0.376, kwa hiyo takriban 38 zitafaulu. Zile 900 zisizosaidia zitatoa kama 10 zinazofaulu kwa bahati. Mbinu 48 zimefaulu, 10 ni bure: moja katika kila tano. Si asilimia 1.

Sasa tubadilishe kitu kimoja tu: zinazosaidia ziwe 10 badala ya 100. Zitafaulu 4 za kweli, na 11 za bahati kutoka kwenye zile 990. Karibu robo tatu ya zilizofaulu ni bure, na kipimo ni kilekile, 0.011. Namba ambayo haikutikisika hata kidogo wakati uwezekano umepanda kutoka moja ya tano hadi robo tatu haiwezi kuwa ndiyo uwezekano huo.

Ndiyo maana Jumuiya ya Takwimu ya Marekani, katika tamko lake la mwaka 2016, ilisema wazi kwamba thamani ya p haipimi uwezekano wa nadharia tete kuwa kweli. Anayetaka uwezekano huo lazima aseme kwanza aliamini nini kabla ya jaribio, na kwa msingi gani, kisha atumie kanuni ya Bayes. Kwa kuloweka mbegu msingi upo: mbegu iliyokwisha kunywa maji huwahi kuota. Kama angeniletea ushindi 9 kwa 10 wa vipande vilivyopewa vibao vya bluu badala ya vyeusi, thamani ya p ingekuwa ileile 0.011, na wala mimi wala yeye tusingeamini.

Aliandika upya palepale: "Kama kuloweka mbegu hakuathiri mavuno, uwezekano wa kupata ushindi katika jozi 9 au zaidi kati ya 10 ni 0.011." Nikaipitisha. Kisha nikamwomba aongeze mavuno yenyewe kwa kilo, kila jozi kwa jozi, kwa sababu rasimu nzima haikusema mtama uliongezeka kiasi gani.