Diwani: mashairi mangapi, na lipi litangulie?

Diwani ni kitabu cha mashairi ya mtunzi mmoja yaliyochaguliwa na kupangwa yasomwe pamoja. Mashairi ya watunzi wengi yakiwekwa ndani ya jalada moja huitwa antholojia, na hapo mpangaji ni mhariri. Katika diwani, mpangaji anapaswa kuwa mtunzi mwenyewe, ingawa si kila mtunzi aliyeipata nafasi hiyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840, na mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu na katika karatasi za wachache mpaka W. E. Taylor alipoyakusanya kwa msaada wa Mwalimu Sikujua. William Hichens akayatoa kama kitabu mwaka 1940. Mpangilio tunaousoma leo, kwa hiyo, ni wa watu wengine, si wake mwenyewe. Mtunzi aliye hai hana sababu ya kuwaachia wengine kazi hiyo.

Swali la kwanza la watunzi wengi ni idadi: nikiwa na mashairi thelathini, je, nina kitabu? Jibu haliwezi kutoka kwenye idadi, kwa sababu shairi la beti tatu na utenzi wa beti mia moja yote huhesabiwa moja. Kinachohesabiwa ni kurasa. Mwaka 1964 UNESCO ilipendekeza kuwa, kwa ajili ya takwimu za uchapishaji, kitabu ni chapisho la kurasa 49 au zaidi bila kuhesabu jalada, na lililo chini ya hapo ni kijitabu. Kipimo hicho kinalingana pia na mambo ya kiwandani: kitabu chembamba sana hupigwa pini katikati, hakina mgongo wa kuandikwa jina, na kikiwekwa rafuni dukani hakionekani.

Tuzifanyie hesabu kurasa hizo. Ukurasa wa A5 wenye herufi za kawaida za kitabu huchukua takriban mistari 32. Kichwa cha shairi na nafasi iliyo chini yake hula mistari minne, inabaki 28. Ubeti wa tarbia una mishororo minne, na baina ya ubeti na ubeti huachwa mstari mmoja mtupu. Beti tano basi hutumia mistari 24 na zinaenea. Beti sita zinataka 29, na hazienei. Ubeti haukatwi katikati ukaenda ukurasa wa pili, kwa hiyo ubeti wa sita huhamia wote. Shairi la beti tano ni ukurasa mmoja. La beti sita hadi kumi na moja ni kurasa mbili. Ukilijua hili utaelewa kwa nini mashairi arobaini ya mtunzi mmoja hujaza kitabu na arobaini ya mwingine yakabaki kijitabu.

Angalia pia upana. Mshororo wa mizani kumi na sita hukaa vizuri kwenye A5. Ukawafi wenye vipande vitatu unaweza kufurika, kipande cha tatu kikaangukia mstari wa chini na kuonekana kama mshororo unaojitegemea. Mwambie mpangaji wa kurasa akisogeze ndani kipande hicho katika kila mshororo, na wewe ukihesabie nafasi tangu mwanzo.

Sasa tuseme mtunzi ana mashairi 63 aliyoyaandika kwa muda mrefu. Anaanza kwa kutoa. Ya kwanza kuondoka ni ya shughuli: ya kumkaribisha mgeni rasmi, ya kufunga semina, ya harusi ya jirani yenye majina ya wazazi wa pande zote mbili. Yalifanya kazi yake siku ile. Kisha yanaondoka mapacha, yaani mashairi mawili yanayosema jambo lilelile kwa mtazamo uleule. Hubaki lenye beti bora hata kama silo analolipenda zaidi. Malumbano yanahitaji uamuzi wa peke yake. Shairi la kumjibu mtunzi mwingine likiwekwa bila swali lake huwa nusu ya mazungumzo, na swali hilo ni mali ya mwenzake, haliingii kitabuni bila ridhaa yake. Ikiwa ridhaa haipo na jibu haliwezi kusimama lenyewe, nalo huondoka. Tuseme baada ya hapo yamebaki 38.

Haya 38 huchapwa kila moja kwenye karatasi yake na kutandazwa sakafuni. Kwenye kompyuta huoni zaidi ya shairi moja au mawili kwa wakati mmoja, ndiyo maana karatasi bado zinatakiwa. Pembeni mwa kila karatasi andika mambo manne: shairi linahusu nini, anayesema ni nani, ni bahari gani, na vina vya mwisho ni vipi. Mambo mawili ya mwisho huwasumbua watunzi wa arudhi kuliko wa mashairi huru. Tarbia sita zikifuatana, zote za mizani kumi na sita na zote zenye kibwagizo, sikio la msomaji huchoka kabla ya akili. Huanza kuruka kibwagizo, kisha huruka beti. Tathlitha, takhmisa, au sabilia ambayo kituo chake hubadilika kila ubeti, ikiingizwa katikati, humwamsha. Vivyo hivyo, mashairi mawili jirani yanayoishia kwa kina cha -ni huungana masikioni, na la pili huonekana kama beti za ziada za la kwanza.

Hata hivyo, shairi huathiri maana ya shairi lililo jirani yake kuliko linavyoathiri sauti yake, na hapa ndipo kazi ya kupanga ilipo. Katika yale 38 chukua matatu. Moja mtoto anamlilia baba yake aliyefariki. La pili linahusu ndugu wanaogombea shamba. La tatu mtunzi anambembeleza mwanawe mchanga. Kila moja liliandikwa kwa sababu yake, katika mwaka wake.

Yaweke kwa mpangilio wa maombolezo, shamba, kubembeleza. Msomaji aliyetoka kumlilia baba anaingia moja kwa moja kwenye ugomvi wa mirathi, na mara moja anarudi nyuma kuyatilia shaka machozi: kumbe hawa waliokuwa wakilia ndio hawa? Bembelezi inayofuata inakuwa na uchungu, maana mtoto analazwa katika nyumba iliyogawanyika. Sasa geuza: shamba, maombolezo, kubembeleza. Ugomvi umetangulia, na maombolezo yanasomeka kama majuto ya mmoja wa wagombanao, labda yule aliyekosea. Bembelezi nayo inageuka ahadi kwamba kwa huyu mtoto mambo yatakuwa mengine. Hakuna neno lililobadilishwa katika mashairi yote matatu.

Ikiwa mtunzi hataki maana yoyote kati ya hizo, ikiwa maombolezo ni ya baba yake wa kweli na hana ugomvi na nduguze, basi lazima ayatenganishe, na kurasa mbili tatu hazitoshi. Ayaweke sehemu tofauti za kitabu. Msomaji huunganisha kila anachoweza kuunganisha, na humhesabu anayesema “mimi” katika diwani nzima kuwa ni mtu mmoja.

Njia rahisi ya kukagua majirani ni kusoma ubeti wa mwisho wa kila shairi pamoja na ubeti wa kwanza wa linalofuata, kwa sauti, bila kusoma yaliyo katikati. Kwa mashairi 38 hiyo ni mipaka 37, kazi ya jioni moja. Mahali ambapo neno moja linarudiwa, kama “moyo” na tena “moyo”, utalisikia. Mahali ambapo mzaha unaangukia juu ya msiba utashtuka. Mishtuko mingine ni mizuri, iache. Ile inayokufanya ucheke pasipotakiwa ihamishe.

Kuhusu sehemu, mimi huanza na shaka. Diwani nyingi hugawanywa kwa mada: mapenzi, siasa, dini, malezi. Kwa mwalimu mgawanyo huo ni msaada, kwani anapata shairi la somo lake haraka. Kwa anayesoma kitabu kizima ni hasara, kwa sababu anajua shairi litasema nini kabla hajalisoma, na yale mashairi kumi ya mapenzi yaliyorundikwa pamoja hupunguzana nguvu. Dalili kwamba mgawanyo wa mada umeshindwa ni sehemu ya mwisho inayoitwa “Mengineyo”. Humo ndimo mtunzi alimotupa asichojua pa kukiweka, na mara nyingi ndimo mlimo na shairi lake bora.

Sehemu zina maana zaidi kitu fulani kinapobadilika kweli kitabuni: mahali, umri, au nafsi inayosema. Mtunzi wetu mwenye mashairi 38 aliandika mengine kijijini, mengine akiwa mpangaji mjini, mengine baada ya kurudi. Sehemu tatu zinamtosha, na hahitaji hata kuzipa majina, namba zinatosha. Kuna wakati kitabu hakihitaji sehemu kabisa. Mashairi ya Abdilatif Abdalla katika “Sauti ya Dhiki”, iliyotoka mwaka 1973, yalitungwa kifungoni kati ya 1969 na 1972. Mazingira hayo peke yake yanayashika pamoja kwa nguvu ambayo vichwa vya sehemu visingeiongeza.

Shairi la kwanza lisiwe gumu kuliko yote, wala refu kuliko yote. Desturi ya kufungua kwa dua ni ya zamani katika tungo zetu, na anayeifuata aifuate. Ila dua ya beti ishirini mlangoni humchelewesha mgeni kuingia. Shairi la mwisho si lazima liwe la kwaheri. Linalofaa zaidi ni lile ambalo msomaji asingelielewa sawasawa kama angelikuta mwanzoni.

Sasa hesabu ya mwisho. Tuseme katika mashairi 38, ishirini ni ya ukurasa mmoja, kumi na matano ya kurasa mbili, matatu ya kurasa tatu. Hizo ni kurasa 59. Kurasa za mbele, yaani jina la kitabu, haki za uchapishaji, tabaruku, yaliyomo na dibaji, ni nane. Kila sehemu ikifunguliwa kwa ukurasa wake wa kulia na upande wake wa nyuma mtupu, sehemu tatu hula kurasa sita. Sherehe ya maneno magumu mwishoni, ambayo wasomaji wa bara huitafuta sana mtunzi akiwa wa pwani, ni kurasa nne. Jumla 77.

Mitambo mikubwa huchapa karatasi inayokunjwa kuwa kurasa kumi na sita, kwa hiyo kitabu hutoka kikiwa na kurasa 64, 80 au 96. Mashine ndogo za kidijitali hazibani hivyo, lakini nazo hutaka hesabu inayogawanyika kwa mbili au nne. Kwa 77, kitabu kitakuwa cha 80, na kurasa tatu zitabaki tupu. Hapo mtunzi hushawishika kurudisha shairi moja kati ya yale 25 aliyoyatoa. Lililoondolewa kwa kuwa pacha libaki nje. Ila kama lipo jingine linaloweza kusimama lenyewe, ajaribu kuliweka tena sakafuni, asome mipaka yake miwili, kisha aamue. Asipolipata, ukurasa mmoja ni wa maelezo mafupi ya mtunzi, na mbili zibaki tupu mwishoni.