Tagi ya kijani haina maana ya "pandisha chochote"

Asubuhi moja kwenye saiti ya ghorofa mbili huko Igoma, Mwanza, nilimkuta saidia fundi akipanga matofali juu ya skafoldi, lile jukwaa la mabomba wanalosimama mafundi. Alishafikisha 30 kwenye chumba kimoja, yaani kipande cha jukwaa kilicho kati ya jozi moja ya nguzo na jozi inayofuata. Nilipomwambia asimame, fundi wake akanijibu kwa heshima kabisa: "Mzee, tagi si ya kijani?" Ni kweli, ile kadi inayofungwa kwenye jukwaa likishakaguliwa ilikuwa ya kijani. Jibu lake ndilo limenifanya niandike haya, maana ndani yake kuna dhana karibu zote ambazo nimekuwa nikizikuta.

Dhana: Kijani ni ruhusa ya kupandisha mzigo wowote.

Tagi ile ilikuwa na mstari ulioandikwa kwa kalamu: daraja la 3. Hakuna aliyeusoma. Katika kiwango cha Ulaya EN 12811-1, ambacho watengenezaji wengi wa majukwaa ya chuma hukifuata, kuna madaraja 6 ya mzigo. Daraja la 1 hubeba kilonyutoni 0.75 kwa mita ya mraba, karibu kilo 75, na hilo ni la kukagulia tu. Daraja la 2 ni karibu kilo 150, la 3 ni 200, la 4 ni 300, la 5 ni 450 na la 6 ni 600. Fundi rangi anatoshelezwa na la 2. Anayejenga tofali anahitaji kubwa zaidi, na hesabu ya siku ile inaonyesha kwa nini.

Chumba kilikuwa na urefu wa mita 2 na upana wa mita 1, yaani mita za mraba 2. Kwa daraja la 3 hizo ni kilo 400, na ndani yake wamo watu. Mafundi wawili na saidia mmoja, tukiwakadiria kilo 75 kila mmoja, ni 225. Karai mbili za udongo wa saruji, tuseme 50. Zinabaki kilo 125. Tofali moja la inchi 6 tulilipima kwenye mizani ya jirani anayeuza sangara, likatoa kilo 28. Kwa hiyo nafasi iliyobaki ni ya matofali 4, na pale yalikuwa 30. Jumla ilikuwa kilo 1,115, karibu mara tatu ya kinachoruhusiwa.

Hata daraja la 4 lingempa matofali 11 tu. La 5 lingempa 22. Tena daraja halipandi kwa kufuta namba na kuandika nyingine: nguzo zinasogezwa karibu zaidi na mbao zinaongezewa mikingamo chini yake, kwa jedwali la mtengenezaji wa jukwaa lenyewe. Njia rahisi zaidi ni kupandisha matofali machache kila mara na kuyatandaza karibu na nguzo, badala ya kuyarundika katikati ya mbao.

Dhana: Ardhi ya Mwanza ni mwamba, kwa hiyo kitako cha chuma chini ya nguzo hakina kazi.

Hii naielewa inakotoka. Ukisimama Mabatini ukatazama juu, nyumba zimekaa juu ya mawe. Ila nguzo za jukwaa husimama karibu na ukuta, na karibu na ukuta ndipo mtaro wa msingi ulipochimbwa kisha ukarudishiwa udongo. Mwamba unaweza kuwa hatua tatu kutoka hapo huku nguzo yako ikiwa juu ya kifusi.

Pale Igoma nguzo za nje zilikuwa na vitako vya chuma. Za ndani zilikuwa zimesimamishwa moja kwa moja kwenye udongo, nyingine juu ya vipande vya tofali. Nguzo ya kati hubeba robo ya chumba cha kushoto na robo ya chumba cha kulia. Vyumba vyote viwili vikijazwa kama kile, ukiongeza uzito wa mabomba na mbao, nguzo moja inashusha karibu kilo 600. Bomba lenye kipenyo cha milimita 48.3 na unene wa 3.2 lina chuma cha sentimita za mraba 4.5 tu kwenye ncha yake. Kila sentimita ya mraba ya udongo inakandamizwa kwa kilo 133, na bomba linazama kama kisu. Weka kitako cha milimita 150 kwa 150, mgandamizo unashuka hadi kilo 2.7. Weka chini yake ubao mzito wenye eneo la sentimita za mraba 1,000, unafika 0.6. Kwenye udongo laini au uliorudishiwa mimi sikubali ubao chini ya sentimita za mraba 1,700 kwa kila nguzo.

Kipande cha tofali hakifanyi kazi hiyo. Kinapasuka, na kikipasuka nguzo inashuka ghafla. Na kwenye mwamba wenyewe tatizo ni mteremko: kitako kinateleza. Hapo tunachonga kikalio bapa au tunamwaga zege dogo, kisha tunafunga nguzo zote kwa mlazo, yaani bomba la kulala, wa chini kabisa.

Dhana: Mishazari inaweza kutolewa ikizuia njia, uzito unabebwa na nguzo.

Funga fito nne kwa kamba ziwe mraba, sukuma pembeni, zitalala. Ongeza ufito mmoja wa mshazari, hazitikisiki. Ndivyo jukwaa lilivyo. Kuna jingine lisiloonekana kwa macho: nguzo nyembamba huharibika kwa kupinda, si kwa kusagika. Ukiondoa viungo vinavyoishika katikati, urefu wake usioshikwa ukawa mara mbili, uwezo wake wa kuhimili kupinda unashuka hadi robo. Na turubai likifungwa kuzuia vumbi, upepo wa ziwa wa mchana unalifanya tanga, kwa hiyo vifungo vya kulishika jukwaa kwenye ukuta lazima viongezwe.

Dhana: Kamba ya manila pembeni inatosha.

Haitoshi. Panatakiwa reli ya juu kwenye kimo cha kama mita 1, reli ya kati ili mwanya usizidi milimita 470, na ubao wa ukingo wa milimita 150 unaozuia tofali kumwangukia aliye chini.

Dhana: Jukwaa likishakaguliwa, limekaguliwa.

Tagi inasema hali ilivyokuwa saa ile tu. Utaratibu ninaoufuata ni ukaguzi kabla ya matumizi ya kwanza, kisha kila siku 7, na tena baada ya mvua kubwa, upepo mkali au mtu yeyote kugusa kiungo. Tarehe kwenye tagi ya Igoma ilikuwa ya siku 12 nyuma, na katikati yake mvua ilinyesha usiku mara mbili. Nilipoweka pima maji kwenye mkingamo wa chini, kutoka nguzo ya ndani kwenda ya nje, povu lilikimbilia upande wa nje. Nguzo mbili za ndani zilikuwa zimeshuka sentimita 3.

Tukageuza tagi kuwa nyekundu. Matofali yakashushwa moja moja kwa mkono, jukwaa likafunguliwa kuanzia juu, mbao zikatandikwa chini ya vitako, nguzo zikanyooshwa kwa timazi na kusogezwa karibu. Ilichukua siku nzima na nusu ya siku ya pili. Tagi mpya iliandikwa daraja la 4, tarehe ya ukaguzi unaofuata, na mstari mmoja ambao fundi mwenyewe aliomba uongezwe: matofali 11 kwa chumba.