Kala-azar na utapiamlo: kwa nini mtoto mmoja huugua na mwenzake akabaki mzima

Watoto wawili wanaolala nyumba moja wanaweza kuumwa na usubi wale wale, mmoja akaendelea kucheza, mwingine akaanza kukonda huku homa haimwachi. Si bahati tu. Usubi hubeba vimelea vya lishmania, vinavyosababisha ugonjwa wa kala-azar, na watu wengi wanaoingiwa navyo hawaugui kabisa, kwa sababu kinga ya mwili huvidhibiti mapema. Anayeugua mara nyingi ni yule ambaye kinga yake ilikwisha kudhoofika, na kwa mtoto mdogo jambo la kwanza la kuulizia ni lishe.

Usubi huyo ni mdudu wa milimita 2 hadi 3, mwenye rangi ya mchanga, anayetua akiwa amesimamisha mabawa yake juu. Halii masikioni kama mbu, na ni mdogo kiasi cha kupenya chandarua chenye matundu ya kawaida, ndiyo maana chandarua kinachofaa ni chenye dawa au chenye matundu madogo sana. Jike huuma kuanzia machweo hadi alfajiri. Mchana hujificha kwenye nyufa za udongo na mashina ya miti, na katika maeneo makavu ya Afrika Mashariki pia kwenye vichuguu. Kati ya kuumwa na kuugua hupita kwa kawaida miezi 2 hadi 6, kwa hiyo homa inapoanza hakuna anayekumbuka mdudu.

Vimelea vikishaingia, humezwa na seli nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kula vijidudu. Kimelea hiki hakifi humo. Huishi na kuzaana ndani ya seli ile ile iliyokimeza, hadi seli nyingine za kinga, zinazoitwa seli T, zitoe amri ya kukiua. Mtoto anapokosa protini, zinki na nishati kwa muda mrefu, tezi ya thimasi inayokomaza seli T husinyaa na amri hiyo hutoka dhaifu. Majaribio ya panya yameonyesha zaidi: kwa panya aliyenyimwa virutubisho, tezi za limfu hushindwa kuvizuia vimelea karibu na vilipoingilia, na hufika kwenye bandama na ini mapema. Ugonjwa ukishashika, homa huunguza nishati na hamu ya kula hupotea, hivyo utapiamlo uliofungua mlango huzidi kuwa mkali. Virusi vya Ukimwi hushambulia seli hizo hizo za T, na huongeza hatari ya kuugua kala-azar kwa zaidi ya mara 100.

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka 4 anayeishi eneo lenye ugonjwa huu. Ana uzito wa kilo 11, wakati wastani wa umri wake ni kama kilo 16. Utepe wa kupimia mzingo wa mkono wa juu unasoma milimita 112. Chini ya 115 ni utapiamlo mkali. Utepe una maana kubwa hapa, kwa sababu bandama na ini vilivyovimba, au maji miguuni, huongeza uzito kwenye mizani na kuficha kukonda. Amekuwa na homa ya kupanda na kushuka kwa wiki tatu, amepauka, na pua hutoka damu mara kwa mara. Ametumia dawa ya malaria mara mbili.

Tumbo lake limejaa, lakini mkono unaopapasa chini ya mbavu za kushoto hauhisi kitu. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Bandama iliyovimba sana hushuka kuelekea kitovuni na nyonga ya kulia. Anayeanzia mbavuni huwa tayari ameweka kiganja juu yake na haoni ukingo wowote. Mlaze mtoto chali, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, uanze chini upande wa kulia wa tumbo, kisha usogeze vidole polepole kuelekea mbavu za kushoto kila anapovuta pumzi. Ukingo mgumu utagonga vidole. Pima kwa sentimita kutoka mbavuni hadi ncha ya mwisho uandike, kwa kuwa namba hiyo itahitajika baadaye.

Malaria nayo huvimbisha bandama, na mtu anaweza kuwa na magonjwa yote mawili. Kipimo cha malaria kikionyesha ndiyo, itibiwe, lakini hakifuti kala-azar: homa ikiendelea baada ya kumaliza dozi kamili, utafutaji uendelee. Kwa anayeishi au aliyesafiri eneo lenye ugonjwa, homa ya zaidi ya wiki 2 pamoja na bandama kubwa au kukonda inatosha kuagiza kipimo cha haraka cha rK39. Hicho hutafuta kingamwili kwenye tone la damu. Katika Afrika Mashariki hukosa takriban mgonjwa mmoja kati ya saba, na hukosa zaidi kwa wenye virusi vya Ukimwi, ambao mwili wao hutengeneza kingamwili kidogo. Jibu la hapana kwa mtoto kama huyu lisimrudishe nyumbani. Apelekwe panapoweza kufanyika kipimo kingine cha damu au kuchukuliwa sampuli ya uboho au bandama. Sampuli ya bandama huchukuliwa tu na mtaalamu, mahali penye uwezo wa kudhibiti damu ikivuja.

Wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki hutibiwa kwa sindano za sodiamu stibogluconati pamoja na paromomaisini kila siku kwa siku 17. Ya kwanza huweza kudhuru moyo na kongosho, na mwili uliodhoofika sana huihimili vibaya. Kwa hiyo mtoto wetu, mwenye utapiamlo mkali, anafaa kupewa amfoterisini B ya liposomu, jumla ya miligramu 30 kwa kila kilo. Kwa kilo 11 ni miligramu 330, zikigawanywa mara sita: miligramu 55 kila dozi kwa dripu. Huchanganywa na maji ya dekstrosi ya asilimia 5, kamwe si maji ya chumvi, kwani humo dawa huganda na kuharibika.

Chakula huanza siku hiyo hiyo, ila taratibu. Maziwa tiba ya F-75 hupewa mililita 130 kwa kilo kwa siku: kwake ni mililita 1,430, karibu mililita 180 kila baada ya saa tatu, usiku pia. Kumshibisha ghafla huvuruga chumvi za damu na kunaweza kusimamisha moyo. Madini ya chuma nayo husubiri, japo amepauka, mpaka hamu ya kula irudi na aanze kuongezeka uzito. Kipimo cha virusi vya Ukimwi kifanyike mapema, maana jibu lake hubadilisha mpango wa dawa.

Homa hutarajiwa kutulia ndani ya wiki moja hivi. Bandama husinyaa polepole kwa wiki na miezi, na hapo ndipo zile sentimita zilizoandikwa hulinganishwa. Mtoto arudishwe kliniki miezi 6 baada ya dozi ya mwisho, au mapema zaidi homa ikirudi au bandama ikianza kukua tena. Wakati huo rK39 haisaidii, kwani hubaki na jibu la ndiyo kwa muda mrefu hata kwa aliyepona. Inabidi vimelea vyenyewe vitafutwe kwa hadubini. Vipele au mabaka yakitokea usoni, hasa kuzunguka mdomo, miezi michache baada ya kupona, yaonyeshwe kliniki: mara nyingi hupona yenyewe, lakini ngozi hiyo bado ina vimelea, na usubi akimuuma mtoto anaweza kuvibeba kwenda kwa mwingine.