Mnyoo uliouona kwa mtoto ni upi? Kidonge kimoja hakimalizi yote

Nafanya kazi chumba cha wagonjwa wa nje katika kituo cha afya huku Moshi. Neno ninalolisikia mara kwa mara ni hili: "Nimeshampa dawa ya minyoo mara tatu, haiishi." Nikiuliza minyoo yenyewe ilikuwa na umbo gani, naambiwa, "Ni minyoo tu, myeupe." Maswali haya ndiyo wazazi wanayoniuliza zaidi.

Daktari, si minyoo yote ni minyoo? Kuna haja gani ya kuichunguza?

Haja ipo, kwa sababu dawa hazifanani. Weka ulichokiona juu ya karatasi au kitambaa safi kwenye mwanga, kisha tazama ncha zake kwanza.

Kama ni kama kipande cha uzi mweupe wa kushonea, urefu wake wa sentimita moja hivi, una ncha iliyochongoka na unajinyonganyonga, huo ni mnyoo uzi. Kama ni mrefu wa kuanzia sentimita 15 hadi 35, umeviringana kama nyungunyungu, rangi yake ni nyeupe ya kuelekea pinki na ncha zote mbili zimechongoka, huo ni mnyoo mviringo, ambao wengine huuita mchango.

Lakini kama kitu chenyewe ni bapa, kina pembe nne na ncha zake ni kama zimekatwa kwa kisu, huo si mnyoo mzima. Ni pingili, yaani kipande kilichokatika kwenye tegu lililobaki tumboni. Pingili ikiwa bado mbichi hujikunja na kujinyoosha, ndiyo maana mzazi huapa kwamba ameona mnyoo mdogo unaotembea. Ikikauka kwenye chupi hufanana na punje ya wali au mbegu ya boga.

Mwanangu anajikuna makalio usiku, lakini choo kimepimwa wakasema hana minyoo.

Kipimo cha choo mara nyingi hakionyeshi mnyoo uzi, kwa sababu jike hatagi mayai tumboni. Hutoka usiku mtoto akiwa amelala na kuyataga kwenye ngozi ya kuzunguka njia ya haja kubwa. Mtazame kwa tochi saa mbili tatu baada ya kulala, au asubuhi kabla hajaoga wala kwenda chooni umgusishe selotepu inayoona mahali hapo, uibandike kwenye kioo cha maabara.

Huyu albendazoli inamfaa, ila ni mara mbili: leo, na tena baada ya wiki mbili, na nyumba nzima mmeze siku moja. Kidonge huua minyoo lakini hakiui mayai yote, na mayai yako kwenye shuka na chini ya kucha. Asiyefikisha mwaka mmoja usimpe mwenyewe, mlete.

Nimempa albendazoli mara nne mwaka huu na bado navikuta vipunje vyeupe kwenye chupi. Nimpe tena?

Hapana. Usimpe tena. Dozi moja ya albendazoli si tiba ya kutegemea kwa tegu, na kuirudia kila baada ya miezi mitatu ni kulifuga.

Nilimwona mtoto wa miaka saba, kilo 20, mwenye historia hiyo hiyo. Mama yake, mtu makini kabisa, alikuwa akinunua dawa duka la dawa kila anapoviona vile vipunje, na choo kilishapimwa mara mbili bila kuonekana kitu. Nilimwomba kitu kimoja tu: aniletee alichokuwa akikiona. Baada ya siku nne alikuja na kichupa chenye vipande vitatu, bapa, kila kimoja na urefu wa kama sentimita moja na nusu. Kimoja kilikuwa bado kinajivuta. Hapo hapakuwa na la kubishana.

Kabla ya dawa niliuliza kama mtoto amewahi kupata degedege au kifafa, kuumwa kichwa kusikoisha, au uvimbe mdogo chini ya ngozi. Hakuwa nayo. Alipewa prazikwanteli kwa hesabu ya miligramu 10 kwa kila kilo, yaani miligramu 200, theluthi moja ya kidonge cha miligramu 600, mara moja tu. Choo kilirudiwa kupimwa baada ya miezi mitatu, naye hakuwa akitoa pingili tena.

Prazikwanteli ndiyo ile inayogawiwa shuleni kwa kichocho, na najua wengine wana vidonge vilivyobaki kabatini. Tafadhali, usimpe mwenyewe. Kama mtoto ana vifuko vya tegu kwenye ubongo, dawa hiyo inaweza kumwamshia degedege kali. Maswali niliyoyauliza si ya kupoteza muda.

Wanasema tegu linaleta kifafa. Na sisi tunakula kitimoto kila wiki.

Hapa watu wanachanganya. Kula nguruwe asiyeiva vizuri hukupa tegu tumboni. Vifuko vya kwenye ubongo vinatokana na kumeza mayai ya tegu la nguruwe, na mayai hayo hutoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye tegu. Basi asiyegusa kitimoto kabisa anaweza kupata vifuko, kwa kulishwa tu na mtu mwenye tegu asiyenawa mikono.

Ndiyo maana mtoto wa kilo 20 hatukumtibu peke yake. Tuliuliza nani mwingine nyumbani anaona vipande, na baba ndiye aliyekiri, kwa aibu, kwamba anaviona kwa zaidi ya mwaka. Zaidi ya mwaka! Na ndiye anayewakatia watoto nyama.

Tegu la ng'ombe haliweki vifuko ubongoni. Pingili zake mara nyingi hutoka mojamoja, zenyewe, hata mtu akiwa hajaenda chooni, ilhali za nguruwe kwa kawaida hutoka pamoja na choo. Lakini mayai yao hayatofautiki kwenye darubini, kwa hiyo mpaka ithibitishwe, mchukulie kila mwenye pingili kuwa ana la nguruwe. Na usisubiri. Leo umeona kipande bapa, kesho asubuhi uwe kituoni.

Mtoto ametapika mnyoo mrefu, na tumbo limejaa. Nimpe dawa ya minyoo haraka?

Usimpe chochote kwa mdomo. Mnyoo mviringo mmoja uliotoka na choo, mtoto anacheza na anakula, ni wa dawa ya kawaida. Lakini tumbo likivimba, akawa anatapika, anaumwa kwa vipindi na hapati choo wala kujamba, huenda minyoo imejisokota ikaziba utumbo. Hiyo ni safari ya hospitali usiku huo huo. Mwarobaini, mafuta ya taa, kidonge cha dukani, vyote viacheni.

Nikileta kipande, nakileta vipi?

Vaa mfuko wa plastiki mkononi, kiokote bila kukiponda, kitie kwenye kichupa chenye kifuniko na maji safi kidogo, andika jina la mtoto na tarehe. Nawa kwa sabuni. Usikitupe chooni ukaja kunielezea kwa vidole kilikuwa kirefu kiasi gani.